Kindu: Usilipe parseli kabla ya kujua maji yalifika wapi

Mwezi wa saba ni mwezi mzuri wa makomisyoneri hapa Kindu. Mvua imekatika, mto Lualaba umerudi chini, barabara zina vumbi tu, na kila parseli unayoonyeshwa inapendeza macho. Ni katika mwezi huo mdogo wangu, ambaye ni mwalimu, aliniita twende kuangalia kiwanja alichopewa kwa bei nzuri: mita 20 kwa 25, upande wa kushoto wa mto, si mbali na barabara kubwa. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya viwanja vingine vya ukubwa ule. Komisyoneri alitembea mbele yetu akieleza mahali pa nyumba, mahali pa kisima, mahali pa jiko. Mdogo wangu alimuuliza kuhusu maji. Jibu lilikuja haraka: "Hapa maji haifikake, mwalimu."

Karatasi zote zilikuwepo. Shefu wa kartie alikuwa tayari kuwa shahidi. Hata mipaka ilikuwa wazi, na majirani hawakuwa na ugomvi juu yake. Lakini katika karatasi zile zote hapakuwa na neno moja kuhusu maji. Ndiyo sababu naandika makala hii. Katika mji uliojengwa kwenye ukingo wa Lualaba, tunauziana na kupangishana ardhi kama vile mto haupo. Kwa maoni yangu, mnunuzi asitoe pesa kabla ya kujua maji yalifika wapi, na kila shefu anayetia sahihi kwenye karatasi ya mauzo angepaswa kuandika jambo hilo humo ndani.

Kwanza tuelewane kwamba maji ya Kindu ni ya aina mbili, na hayaji kwa njia moja. Kuna maji ya mvua, yale yanayotoka juu ya kilima, yanapita katikati ya nyumba, yanajaza kanivo na kuingia kwako usiku mmoja. Hayo huja haraka na mara nyingi huondoka haraka, isipokuwa pale yanapokosa njia ya kutokea. Halafu kuna maji ya mto. Hayo huja polepole, santimita chache kwa siku, lakini yakishaingia yanaweza kukaa majuma.

Watu wengi wanachanganya aina hizi mbili, na hapo ndipo makosa yanaanzia. Lualaba haujazwi na mvua ya Kindu peke yake. Maji yake yanatoka mbali, Katanga, yanapita Bukama na kutawanyika katika maziwa na mabwawa ya Upemba, ambayo yanayashika na kuyaachilia kidogo kidogo. Karibu na Kabalo unaingia mto Lukuga, unaoleta maji ya ziwa Tanganyika. Kisha mto unapita Kongolo na kutufikia sisi. Safari hiyo ni ndefu, na ndiyo maana mto unaweza kupanda hapa Kindu siku ambayo jua linawaka na mvua yetu imenyamaza. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda sana hata likaingia katika sehemu za Kalemie, Uvira na Bujumbura. Mtu wa Kindu anaposikia habari kama hiyo asiseme ni mambo ya watu wa ziwa, kwa sababu ziwa lile lina mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo unaelekea kwetu.

Jambo la pili ni urefu wa kumbukumbu. Mwanzoni mwa mwaka 2024, Régie ya njia za maji, RVF, ilipima mto Kongo huko Kinshasa kwenye mita 6.20. Rekodi ya zamani ilikuwa mita 6.26, na ilikuwa ya mwaka 1961. Maana yake ni kwamba mto unaweza kukaa miaka sitini na kitu kabla ya kurudi mahali ulipofika. Mtu anayekuuzia parseli na ambaye ameishi hapo miaka minane anaweza kukuambia kwa moyo safi kwamba hajawahi kuona maji. Hasemi uwongo. Lakini miaka minane si kitu mbele ya mto. Kwa hiyo swali lako usilipeleke kwa muuzaji peke yake. Lipeleke kwa mzee aliyezaliwa kwenye avenyu ile.

Tena namna ya kuuliza ina maana kubwa. Ukiuliza, "Maji yanafikaka hapa?" watu watakuambia hapana, kwa sababu ya heshima, au kwa sababu wanajua jirani yao anahitaji kuuza. Sisi tulirudi peke yetu, bila komisyoneri, saa kumi na moja jioni, wakati watu wamekaa nje. Tukamsalimia mama mmoja mzee, jirani wa kiwanja kile, tukaongea mengine kwanza. Kisha nikamuuliza: "Mama, mara ya mwisho maji yalipokuja, mulilala wapi?" Hakufikiri hata kidogo. Alisema walilala kwa binamu yake, kule juu, siku kumi na tisa, na magodoro waliyapandisha kwenye mbao za dari. Ni mwaka gani? Mwaka ule mjukuu wake wa tatu alizaliwa. Akanyanyuka, akatupeleka nyuma ya nyumba yake ya matofali ya kuchoma, akaweka kidole kwenye ukuta. Pale palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, ulionyooka kabisa, kama uliochorwa na fundi.

Mstari ule ni cheti kuliko vyeti vyote. Matope hayadanganyi, kwa sababu maji yaliyotulia yanaacha alama kwenye kimo kimoja kuzunguka nyumba nzima. Ukiona mstari upande mmoja tu, au uliopinda, hiyo inaweza kuwa mvua iliyorushwa na upepo. Ukiuona kwenye kuta nne na kwenye ukuta wa choo na kwenye shina la mwembe, kimo kilekile, hayo ni maji yaliyosimama.

Kuna alama nyingine ambazo ardhi yenyewe inatoa hata wakati wa kiangazi. Kiwanja chetu kile kilikuwa na majani mabichi katika mwezi wa saba, wakati majani ya majirani wa juu yalikuwa yamekauka. Tuliona ni uzuri, lakini ilikuwa ni maji yaliyo karibu chini ya ardhi. Matete yakiota yenyewe kwenye kona, jua kwamba kona hiyo inakaa na maji muda mrefu. Angalia nyumba za jirani: kama ukuta wa matofali mabichi umeliwa chini kwa urefu uleule kwenye nyumba tatu, au kama chini tu pamepakwa saruji mpya, kuna kitu kilichopita hapo. Angalia mlango: watu hawajengi kizingiti cha kuvuka kwa hatua kubwa bila sababu. Na ukiona mifuko ya mchanga iliyotupwa nyuma ya choo, usiulize ni ya nini.

Sasa alama ya ukuta wa mama yule ilikuwa kwenye santimita 60 juu ya uwanja wake. Mdogo wangu alifurahi kidogo, akisema: "Sitini si nyingi, nitajenga fondasio." Lakini 60 ilikuwa ya kwa mama, si ya kwetu. Kiwanja chetu kilikuwa juu ya pale au chini? Kwa macho huwezi kujua. Macho yanadanganywa na nyasi na miti, na hata na barabara iliyoinama. Inabidi kupima, na kipimo chenyewe hakihitaji mtu mkubwa wa kadastre. Kila fundi mwashi wa Kindu anacho: mpira wa plastiki unaoonekana ndani, uliojaa maji.

Hivi ndivyo tulivyofanya. Tulikuwa na mpira wa mita 15, na fito mbili zilizonyooka ambazo tulizitia alama kila santimita. Tukajaza maji katika mpira mpaka hakuna pumzi ndani, kwa sababu pumzi moja tu inaharibu kipimo chote. Kila mtu anashika ncha moja ya mpira kwenye fito yake, na fito inasimama ardhini wima. Maji ndani ya mpira yakitulia, yanakuwa kwenye kimo kimoja pande zote mbili. Kama fito ya kwanza inasoma 100 na ya pili inasoma 112, basi ardhi ya fito ya pili iko chini kwa santimita 12. Namba kubwa ndiyo iko chini: hapo wengi wanakosea, wanafikiri namba kubwa ni juu.

Kutoka ukuta wa mama mpaka mahali ambapo nyumba ya mdogo wangu ingesimama ilikuwa kama mita 38, kwa hiyo tulihama mara tatu. Hatua ya kwanza ilisoma 100 na 112: tumeshuka 12. Mtu wa mbele akabaki pale alipo, wa nyuma akapita mbele. Hatua ya pili ilisoma 104 na 113: tumeshuka 9. Hatua ya tatu ilisoma 98 na 105: tumeshuka 7. Ukijumlisha 12, 9 na 7 unapata 28. Basi uwanja wetu ulikuwa chini ya uwanja wa mama kwa santimita 28. Maji yaliyofika 60 kwake yalikuwa yamesimama 88 kwetu. Fondasio ya santimita 40, ambayo mdogo wangu alikuwa ameipigia hesabu, ingeacha maji ya santimita 48 ndani ya chumba. Hayo ni maji ya kufunika kitanda. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja. Tulirudia kipimo tukianzia upande wa pili ili kuhakikisha, na hesabu ilikuja tofauti kwa santimita moja tu.

Komisyoneri aliposikia alisema dawa ni rahisi, ni kujaza udongo. Basi tukapiga hesabu ya udongo. Kwanza, huwezi kujaza mpaka 88 tu, kwa sababu alama ile ni ya mwaka mmoja na mto unaweza kuipita. Tukaongeza santimita 30, ikawa 118. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina mita 80 za mraba. Zidisha kwa 1.18, unapata karibu mita 94 za ujazo, zilizoshindiliwa vizuri. Udongo unaoletwa ukiwa umelegea unapungua unapopigwa, hivyo inabidi kuleta zaidi, karibu mita 118 za ujazo. Borueti moja inabeba kama lita 60. Hiyo ni karibu borueti elfu mbili, na kila moja inalipwa. Baada ya hapo umepata kisiwa kimoja cha nyumba, lakini choo, kisima na jiko bado viko chini ya maji, na watoto wanakwenda shule kwa mtumbwi. Tena maji uliyoyasukuma kwa udongo wako yanakwenda kwa jirani. Ukijumlisha gharama hiyo, parseli ya nusu bei si ya nusu bei tena.

Mpaka hapa nimesema juu ya mto. Lakini hata watu wanaokaa mbali na mto, kule juu Kasuku, Mikelenge au Alunguli ng'ambo, wana swali lao, na swali hilo ni: maji ya mvua yanatokea wapi? Mvua kubwa ya milimita 50 ikianguka juu ya parseli ya mita 20 kwa 25, inaleta mita 25 za ujazo, ndiyo kusema mapipa 125 ya lita 200. Hayo ni yale yaliyoanguka kwako tu. Kama kiwanja chako kiko chini ya viwanja vingine kumi, basi na wao wanakutumia ya kwao.

Kwa hiyo usiangalie parseli peke yake. Panda juu mpaka mahali ambapo maji yanaanza, kisha shuka mpaka mahali yanapoishia. Fuata kanivo kwa miguu. Kanivo iliyojengwa vizuri mbele ya parseli haina maana kama mita mia mbili chini imezibwa na mchanga na takataka, au kama mtu amejenga ukuta wa parseli yake juu yake. Tazama pale inapovuka barabara au njia ya reli: tundu la chini likiziba, tuta linakuwa ukuta, na maji yote yanasimama upande wa juu. Na kama maji yanatoka kwa kasi sana, tatizo ni lingine. Ukiona shimo la mmomonyoko linalopanda kutoka bondeni, weka jiwe kwenye ukingo wake na urudi baada ya mvua mbili tatu. Jiwe likiwa limeanguka ndani, shimo linakuja kwako.

Kipimo cha ardhi yenyewe ni cha shimo moja. Chimba sentimita 60, ukubwa wa ndoo, karibu na mahali unapofikiria choo. Jaza maji, yaache yaingie yote, kisha jaza mara ya pili, maana mara ya kwanza ardhi kavu inakunywa kwa kiu na inakudanganya. Sasa angalia saa. Kama baada ya saa moja maji hayajashuka hata upana wa vidole viwili vyembamba, kama santimita 2.5, udongo ni wa mfinyanzi uliobana, na mvua itasimama uwanjani. Na kama unachimba wakati wa mvua na maji yanapanda yenyewe kutoka chini kabla hujamwaga kitu, basi umefika kwenye maji ya ardhini, na hapo shida kubwa ni choo kuliko nyumba.

Kuhusu choo, kanuni ambayo mashirika ya maji na usafi yanafuata ni kwamba chini ya shimo la choo kubaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufika kwenye maji ya ardhini, na kati ya choo na kisima kuwe na mita 30. Hesabu hiyo uifanye kwa maji ya mwezi wa nne, si ya mwezi wa nane. Njia rahisi ni kisima cha jirani: muulize wakati wa mvua kamba yake inakuwa fupi kiasi gani. Kwa mama yule, kisima cha mita 5 wakati wa kiangazi kilikuwa na maji kwenye mita moja wakati wa mvua. Choo cha shimo hapo ni kumwaga uchafu katika maji ya kunywa. Na mita 30 za umbali kwenye parseli ya mita 20 kwa 25 zinaingia kwa shida hata kutoka kona mpaka kona, bila kuhesabu choo cha jirani. Watu wa Kindu wanaijua kolera, sina haja ya kueleza zaidi.

Wanaokodi nyumba nao wasifikiri jambo hili ni la wanunuzi. Mpangaji hana muda wa kuchimba mashimo, lakini anaweza kuomba vitu viwili. Kwanza, aingie ndani na kusogeza kabati na kitanda, aangalie ukuta wa chini nyuma yake. Rangi mpya mpaka kwenye kiuno tu, na unga mweupe unaotoka kwenye ukuta kama chumvi, ni dalili za maji yanayopanda. Pili, arudi siku ya mvua, wakati mvua bado inaanguka au mara tu baada yake, bila kumwambia mwenye nyumba. Nusu saa ya kulowa inakuonyesha mengi kuliko maneno ya mwezi mzima.

Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi pesa za miezi mitatu. Wengi wetu tunatoa zaidi, na tukiisha kutoa tunakuwa wafungwa: maji yanaingia mwezi wa pili, na pesa zetu ziko kwa mwenye nyumba. Kabla ya kutoa garanti, andikeni pamoja karatasi ya hali ya nyumba, na humo mwandike kama maji yameshawahi kuingia, yalifika wapi, na nani atalipa kama yakirudi. Mwenye nyumba akikataa kuandika, amekujibu.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ile iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema ardhi ni mali ya Serikali na haki yako juu ya kiwanja inathibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa. Cheti hicho kinasema kiwanja ni cha nani na mipaka yake iko wapi. Kinalinda dhidi ya mtu mwingine anayedai, lakini hakilindi dhidi ya maji. Najua watu waliofurahia kupata sertifika wakafikiri Serikali imehakikisha kwamba mahali ni pazuri. Hapana. Mchora ramani alipima urefu na upana. Kimo hakukipima.

Mtu atasema kuna mahakama. Ni kweli, kitabu cha tatu cha kanuni ya raia, kinachotoka kwenye amri ya tarehe 30 Julai 1888, kinamtaka muuzaji kujibu juu ya kasoro zilizofichika za kitu alichouza. Lakini hajibu juu ya kasoro ambazo mnunuzi mwenyewe angeweza kuziona. Mbele ya hakimu, muuzaji atasema tu: mto ulikuwa pale, kila mtu Kindu anaujua, na alama ilikuwa kwenye ukuta wa jirani. Utapoteza. Isipokuwa kama ulimfanya aandike.

Ndiyo sababu naomba jambo dogo, lisilohitaji bajeti wala mradi kutoka Kinshasa. Kila karatasi ya mauzo inayopita mikononi mwa shefu wa kartie iwe na mistari mitatu ya nyongeza. Wa kwanza: maji ya mto yalifika wapi mara ya juu kabisa inayokumbukwa hapa, na ni mwaka gani. Wa pili: maji ya mvua yanaingia kutoka upande gani na yanatoka kwa njia gani. Wa tatu: muuzaji ametia sahihi kwamba hayo ndiyo anayoyajua. Na bugumestre wa kila komini anaweza kuagiza kwamba alama ya maji ya juu kabisa ipakwe rangi kwenye ukuta wa shule, wa kanisa, wa msikiti na wa ofisi ya kartie, pamoja na mwaka. Kopo moja la rangi linatosha kartie nzima. Mtu yeyote mwenye mpira wa maji ataanzia hapo kupima mpaka kwake.

Nimesikia hoja mbili zinazopinga. Ya kwanza ni kwamba bei za viwanja vya chini zitaanguka na wenye navyo wataumia. Zitaanguka, ndiyo. Lakini hasara haianzi siku tunapoiandika. Ilikuwepo tayari, leo inabebwa na mnunuzi peke yake, naye hakuambiwa. Hoja ya pili ni nzito zaidi: maskini hana pa kwenda, atanunua chini hata akijua. Nakubali kwamba wengi watanunua. Lakini anayejua 88 atajenga kwa matofali ya kuchoma badala ya mabichi yanayoyeyuka, ataweka dari imara ya kuweka vitu, atainua choo chake, atashusha bei, na mto ukianza kupanda atahamisha watoto mapema. Asiyejua ataweka akiba yake yote kwenye fondasio ya 40.

Mdogo wangu hakununua kile kiwanja. Alichukua kingine, kidogo zaidi, mita 15 kwa 15, mbali na barabara, ambako kipimo chetu kilionyesha ardhi iko juu ya alama ya mto kwa zaidi ya mita tatu, na mvua ya mwezi wa kumi na moja tuliyoisubiri ilipita pembeni bila kusimama. Analalamika kwamba anatembea sana kwenda shule.

Kiwanja kile cha kwanza kiliuzwa kabla ya Krismasi. Nilipita hapo juzi nikakuta mama mmoja mwenye watoto wanne amesimamia mafundi. Nilimsalimia, nikampeleka nyuma ya nyumba ya jirani, nikamwonyesha mstari ule wa kahawia. Aliutazama kwa muda mrefu, akageuka kutazama fondasio yake, ambayo ilikuwa imefika magotini. Kisha akaniuliza swali ambalo nawapelekea mashefu na mabugumestre wetu jinsi alivyolisema: "Basi mbona kwenye karatasi yangu hawakuandika?"